“Ushauri umepokelewa” si jibu la hoja

Kila halmashauri nchini Tanzania hupata hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 inamtaka Afisa Masuuli azijibu na kuandaa mpango wa utekelezaji. Majibu mengi husomeka hivi: “Menejimenti imepokea ushauri na itaufanyia kazi.” Mwaka unaofuata hoja inarudi vilevile, safari hii ikiitwa hoja ya nyuma.

Tuseme mkaguzi amekuta shilingi 18,600,000 zilizokusanywa kwa mashine za POS hazikufika benki. Kosa la kwanza la waandishi wa mpango ni kuona hapo kazi moja tu, kurudisha fedha. Ziko mbili. Fedha zirudi, na mwanya uliomwezesha mkusanyaji kukaa na makusanyo wiki nzima bila kuulizwa uzibwe. Kila kazi ipate mstari wake.

Anayewajibika awe mmoja, tena kwa cheo: Mweka Hazina. Ukiandika “Idara ya Fedha” hakuna atakayeulizwa, na ukiandika jina la mtu, akihamishwa anaondoka na hoja yake.

Tarehe ndiyo inayofichua mpango wa kubahatisha. Ukiona mistari yote inaishia 30 Juni, ujue imejazwa usiku mmoja. Katika mfano wetu, shilingi 12,000,000 ziko kwa wakusanyaji ambao bado wako kazini, kwa hiyo miezi mitatu inatosha. Zilizobaki ziko kwa aliyetoroka. Halmashauri haiwezi kuahidi siku mahakama itakapotoa hukumu. Inaweza kuahidi siku ya kufungua shauri, basi iandike hiyo. Neno “endelevu” kwenye safu ya tarehe lisikubalike kabisa.

Ushahidi ndipo wengi wanapokwama. Kwa fedha zilizorudi, hati ya kuweka benki peke yake haitoshi, kwa maana haionyeshi deni la nani limelipwa. Iambatane na taarifa ya benki, pamoja na jedwali linalooanisha kila malipo na jina la mkusanyaji, na jumla zilingane. Kwa mwanya, barua ya Mkurugenzi inayoagiza makusanyo yapelekwe benki kila siku inathibitisha kwamba agizo lilitolewa, si kwamba limefuatwa. Kinachotakiwa ni ripoti za wadaiwa wa POS za miezi mitatu mfululizo, zenye sahihi ya aliyezipitia na tarehe aliyozipitia. Tarehe zote tatu zikiwa za siku moja, mkaguzi wa ndani atajua zimesainiwa kwa mkupuo.

Ndiyo maana mkaguzi huyo afungue viambatisho mwenyewe kabla hoja haijaandikwa “imetekelezwa”. Shilingi 12,000,000 zikirudi na kesi bado iko mahakamani, neno sahihi ni “utekelezaji unaendelea”, na salio la shilingi 6,600,000 litajwe.