Kutoka Jedwali Hadi Aya: Mfano wa Matokeo ya Chanjo ya Malaria

Jedwali la matokeo huziweka namba zote katika hadhi moja. Halisemi ipi itazamwe kwanza wala ipi ilinganishwe na ipi. Kazi hiyo ni ya aya inayoandamana nalo, na ndiyo sababu aya inayosoma jedwali kwa sauti, safu baada ya safu, haimsaidii msomaji: anayeitaka kila namba anayo tayari mbele yake.

Mfano mzuri ni utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S, uliofanyika katika nchi saba za Afrika, vikiwemo vituo vya Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania na Kilifi nchini Kenya. Matokeo yake ya mwisho yalichapishwa mwaka 2015. Watoto 15,459 walishiriki, wakiwa katika makundi mawili ya umri: waliochanjwa kuanzia miezi 5 hadi 17, na wachanga walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12. Katika kila umri, wengine walipata dozi tatu, wengine wakaongezewa ya nne mwezi wa 20, na wengine wakapewa chanjo nyingine zisizohusu malaria ili wawe kipimo cha kulinganishia. Sehemu ndogo ya matokeo hayo, ikipangwa, huonekana hivi:

| Kundi | Malaria ya kawaida: upungufu (%) | Malaria kali: upungufu (%) | Matukio yaliyoepukwa kwa watoto 1,000 |
|---|---|---|---|
| Miezi 5–17, dozi 4 | 36.3 (31.8 hadi 40.5) | 32.2 (13.7 hadi 46.9) | 1,774 |
| Miezi 5–17, dozi 3 | 28.3 (23.3 hadi 32.9) | 1.1 (-23.0 hadi 20.5) | 1,363 |
| Wiki 6–12, dozi 4 | 25.9 (19.9 hadi 31.5) | 17.3 (-9.4 hadi 37.5) | 983 |
| Wiki 6–12, dozi 3 | 18.3 (11.7 hadi 24.4) | 10.3 (-17.9 hadi 31.8) | 558 |

Namba zilizo kwenye mabano ni mipaka ya makadirio. Ukweli wenyewe unaweza kuwa popote kati ya mpaka wa chini na wa juu, na mpaka wa chini ukiwa chini ya sifuri, utafiti haujathibitisha kwamba chanjo ilipunguza ugonjwa huo.

Mwandishi mwenye haraka huandika: “Kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne, malaria ya kawaida ilipungua kwa asilimia 36.3 na malaria kali kwa asilimia 32.2. Kwa waliopata dozi tatu, upungufu ulikuwa asilimia 28.3 na 1.1.” Kisha anaendelea hivyohivyo hadi safu ya mwisho. Hakuna kosa la hesabu katika sentensi hizo. Hata hivyo msomaji akifika mwisho bado hajui kilichogunduliwa, kwa sababu namba 36.3 na namba 1.1 zimetajwa kwa uzito uleule.

Njia ya kutoka hapo ni kuuliza jedwali maswali kabla ya kuandika chochote. Jedwali hili linajibu matatu: je, umri wa kuanza una tofauti, je, dozi ya nne ina faida, na je, malaria kali hufuata mkondo uleule wa malaria ya kawaida? Majibu mawili ya kwanza hayashangazi. Katika safu ya malaria ya kawaida makadirio yanashuka kwa utaratibu kutoka juu hadi chini: watoto wakubwa wako juu ya wachanga, na dozi nne juu ya tatu. Mwelekeo wa namna hiyo unatosha sentensi moja, tena bila namba nyingi.

Jibu la tatu ndilo lenye habari. Kwa watoto wakubwa, tofauti ya dozi tatu na nne katika malaria ya kawaida ni pointi nane za asilimia. Katika malaria kali ni karibu theluthi moja dhidi ya sifuri. Hapo ndipo aya inapaswa kukaa. Lakini hata hapo tahadhari inahitajika, kwa kuwa asilimia 1.1 ni jumla ya kipindi kizima cha ufuatiliaji. Watoto wa dozi tatu walikingwa mwanzoni, kisha malaria kali ikawazidi baadaye, na pande hizo mbili zikafutana. Kuandika kwamba dozi tatu “hazikufanya kazi” ni kuongeza jambo ambalo namba haikusema. Kinachokubalika ni kwamba hadi mwisho wa ufuatiliaji hakukuwa na upungufu uliothibitika.

Safu ya mwisho ina mtego wake. Matukio 1,774 kwa watoto 1,000 huonekana kama kosa la uchapaji mpaka ielezwe kwamba mtoto mmoja huweza kuugua malaria mara nyingi, na kila mara huhesabiwa. Mtego mwingine ni mgumu zaidi kuuona. Watoto wakubwa walifuatiliwa kwa wastani wa miezi 48, wachanga kwa miezi 38. Kwa hiyo kuandika kwamba wakubwa waliepushiwa karibu maradufu ya wachanga, kwa sababu 1,774 inakaribia mara mbili ya 983, ni kulinganisha muda mrefu na muda mfupi. Namba zikikaa kwenye safu moja si lazima ziwe zinalinganishika, na jedwali lenyewe halitoi onyo. Onyo liko katika maelezo ya jinsi utafiti ulivyofanywa.

Baada ya uchaguzi huo, aya huweza kusomeka hivi:

“Chanjo ilipunguza malaria ya kawaida katika umri wote uliochunguzwa, na makadirio yalikuwa juu zaidi kwa walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kwa waliopata dozi ya nne (Jedwali 1). Dozi hiyo ilionekana kuwa na uzito mkubwa zaidi katika malaria kali. Kwa watoto wakubwa walioipata, malaria kali ilipungua kwa karibu theluthi moja (mipaka ya makadirio ni asilimia 13.7 hadi 46.9), kwa wenzao walioishia dozi tatu, hakukuwa na upungufu uliothibitika hadi mwisho wa ufuatiliaji. Kwa wachanga, upungufu wa malaria kali haukuthibitika kwa idadi yoyote ya dozi. Kwa kuwa mtoto huweza kuugua mara kadhaa, dozi nne ziliwaepushia watoto wakubwa matukio 1,774 kwa kila watoto 1,000 katika takriban miaka minne.”

Jedwali lina namba za matokeo 28, mipaka ikiwemo. Aya imebeba tatu, na theluthi moja imechukua nafasi ya nne. Mipaka imetajwa pale tu hoja inapoitegemea. Desimali zimeondolewa mahali ambapo “theluthi moja” inatosha, lakini 1,774 imebaki kamili, maana msomaji atataka kuitafuta kwenye jedwali na kuikuta vilevile.

Aya ya namna hii hujaribiwa kwa kufunika jedwali na kumpa mtu asiyelijua. Akiweza kusema ni kundi gani lilinufaika zaidi na ni wapi faida haikuthibitika, imetosha. Akiuliza “kuliko nani?”, kuna ulinganisho uliotajwa upande mmoja tu. Mara nyingi kosa huwa kwenye neno “zaidi” lililoachwa peke yake, na dawa yake ni kuliandika kundi la pili papo hapo katika sentensi ileile.