Kwa Nini Hatua ya 0.25 Inakupeleka Mbali

Mwaka 1847 Mfaransa Augustin-Louis Cauchy alieleza njia ya kutafuta pahali pa chini kabisa pa fanksheni: pima mteremko hapo ulipo, uzidishe kwa namba ndogo h, toa jibu kwenye nafasi yako, kisha rudia. Kazi yote iko katika kuchagua h.

Tuchukue f = ½(x² + 9y²). Umbo lake ni kama ndani ya mtumbwi: kwa urefu (x) limelala, kwa upana (y) kuta zimesimama wima, na chini kabisa ni pale x na y zinapokuwa sifuri. Mteremko upande wa x ni x, na upande wa y ni 9y. Kwa hiyo kila hatua huizidisha x kwa 1 − h, na y kwa 1 − 9h. Namba 1 na 9, zinazopima ukali wa mpindo kila upande, ndizo thamani aigeni.

Sasa anzia x = 10, y = 1, ukiwa na h = 0.25. Thamani ya f inashuka kutoka 54.5 hadi 35.2, 26.8, halafu 26.1. Mtu angefurahi. Hatua ya nne inatoa 31.8, na kuanzia hapo ni kupanda tu. Tangu mwanzo y ilikuwa ikizidishwa kwa −1.25, ikiruka ukuta hadi ukuta na kukua, ila kupungua kwa x kuliificha. Dalili ya mapema ni hiyo: alama ya y inageuka kila hatua huku ukubwa wake ukiongezeka. Ili itulie, h lazima iwe chini ya 2/9, yaani takriban 0.222. Ukuta mkali ndio unaoweka kikomo, na upande uliolala hulazimika kuufuata.

Chaguo bora ni pale pande zote mbili zinapopungua kwa kasi sawa: h = 0.2. Kila hatua inabakiza 0.8 ya umbali, na baada ya hatua 10 umebaki kama asilimia 11. Hiyo 0.8 ni (9 − 1)/(9 + 1). Weka 99 badala ya 9, nayo inakuwa 0.98, kupunguza umbali kwa nusu tu kunadai hatua zipatazo 34.

Mtumbwi ukikaa mshazari, kikomo hakionekani kwa macho. Katika f = 2.5x² + 4xy + 2.5y², mteremko kwenye (1, 1) ni (9, 9), na kwenye (1, −1) ni (1, −1). Thamani aigeni ni zilezile 9 na 1. Anayetazama x peke yake ataona mpindo wa 5 na kudhani h = 0.39 ni salama, kwa kuwa iko chini ya 2/5. Akianzia (1, 1), hatua moja tu inamtupa hadi (−2.51, −2.51).