Tenda Imekukosa: Uliza Sababu Mapema

Nchini Kenya, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaitaka taasisi kumweleza kwa maandishi aliyekosa zabuni sababu za kukosa. Barua ikisema tu "hukutimiza masharti", haitoshi.

Usiwapigie simu wajumbe wa kamati ya tathmini. Wamefungwa na usiri. Mwandikie afisa mhasibu wa taasisi, uulize ni sharti lipi hasa na kwenye hati ipi. Huenda dhamana yako ya zabuni ilikuwa ya siku 120 badala ya 150 zilizotakiwa: hapo bei nafuu haikuokoi.

Lakini usikae ukisubiri jibu. Siku 14 za kulalamika mbele ya Bodi ya Mapitio zinahesabiwa tangu upate taarifa ya kukosa.