Saa 2.75 Zina Dakika Ngapi?

Katika karakana na ofisi nyingi, mashine ya alama za vidole imechukua nafasi ya daftari la mahudhurio. Fundi anaweka kidole akiingia, anaweka tena akitoka, na mwisho wa wiki karani anachapa ripoti. Kazi inaanza ripoti ikishatoka, kwa sababu mashine nyingi hutoa saa za ziada kwa desimali, tuseme 2.75, ilhali fomu ya saa za kazi ambayo fundi anatia sahihi ina safu mbili: saa na dakika. Karani mwenye haraka anaandika 2 kwenye safu ya kwanza na 75 kwenye ya pili. Anayejumlisha anaona dakika 75, anazivunja kuwa saa moja na dakika 15, na fundi anajikuta amefanya saa tatu na robo ambazo hakuzifanya.

Tumchukue fundi wa kuchomelea mageti pale Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba. Fundi huyu na hesabu zake ni mfano niliouunda, lakini sheria inayomhusu ni ileile inayowahusu waajiriwa wengi nchini: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Anaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, na katikati ana saa nzima ya kupumzika na kula. Hizo ni saa 9 za kazi kwa siku, na kwa siku tano ni saa 45 kwa wiki, ndio ukomo wa saa za kawaida kisheria. Jumatatu kuna geti ambalo mteja analihitaji kesho yake. Wanakubaliana na bosi abaki, na anaweka kidole cha kutoka saa 2 kasorobo usiku. Kutoka saa 11 jioni hadi hapo ni saa mbili na dakika 45. Mashine inaandika 2.75.

Kilicho kabla ya nukta hakina shida, ni saa kamili mbili. Kilicho baada ya nukta ndicho kinachopoteza watu. Ile 75 ni sehemu 75 kati ya 100 za saa moja, na saa ina dakika 60, kwa hiyo tunazidisha 0.75 kwa 60 na kupata dakika 45. Asiye na kikokotoo anaweza kuzidisha tarakimu mbili za baada ya nukta kwa 6, kisha akagawa kwa 10: 75 mara 6 ni 450, ukigawa kwa 10 ni 45. Baada ya wiki mbili za kazi hii, karani anakuwa ameshakariri kwamba .25 ni robo saa, .50 ni nusu, na .10 ni dakika 6 tu. Hiyo .10 ndiyo inayowatega wengi, maana jicho linataka kusoma dakika kumi.

Rudi sasa kwa fundi wetu uone kosa la Jumatatu linafika wapi. Ukimwandikia saa 3 na dakika 15 za ziada, ukajumlisha na saa zake 9 za kawaida, siku yake inakuwa na saa 12 na dakika 15, na sheria inakataza mtu kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Isitoshe, kwa hesabu hiyo alitoka saa 2:15 usiku, na kazi ya usiku kisheria inaanza saa 2 usiku, ikiwa na nyongeza yake ya asilimia 5 ya mshahara wa saa. Mwajiri aliyefuata utaratibu anaonekana kwenye karatasi kama amevunja sheria, na anadaiwa nyongeza kwa dakika ambazo hazikuwapo. Mkaguzi wa kazi akiikuta fomu hiyo imetiwa sahihi, ndiyo atakayoisoma.

Si kila namba ni rahisi kama 2.75. Fundi akibaki saa moja na dakika 20, mashine inaandika 1.33. Ukizidisha 0.33 kwa 60 unapata 19.8, na hapo wengine huifuta ile .8 na kuandika dakika 19. Usifute, kadiria hadi dakika nzima iliyo karibu, yaani 20. Dakika 20 ni theluthi ya saa, 0.3333 na kuendelea bila mwisho, na mashine imekata mkia ikabakiza tarakimu mbili. Kadirio lako linarudisha kilichokatwa. Nalo halibahatishi, mradi mashine inahesabu dakika kamili: tarakimu mbili zinatosha kukurudisha kwenye dakika ileile kila mara, kwa sababu kilichopotea hakifiki nusu dakika. Kwa tarakimu moja mambo ni mengine. Ripoti ikisema 1.3 baada ya mashine kukadiria, muda halisi unaweza kuwa popote kati ya dakika 75 na dakika 81, wala hakuna hesabu ya kuurudisha. Mwenye mashine ya namna hiyo abadilishe mpangilio wake, au asome muda wa kuingia na kutoka moja kwa moja.

Sasa wiki nzima. Tuseme saa za ziada za fundi zimekuja hivi: Jumatatu 2.75, Jumanne 1.33, Jumatano 1.33, Alhamisi 2.33, Ijumaa 0.83. Ukigeuza siku moja moja unapata 2:45, 1:20, 1:20, 2:20 na 0:50. Saa peke yake ni 6. Dakika ni 45, 20, 20, 20 na 50, jumla 155, yaani saa 2 na dakika 35. Wiki yake ina saa 8 na dakika 35 za ziada.

Mtu anaweza kuona ni mkato kujumlisha desimali kwanza na kugeuza mara moja tu. Jumla inatoka 8.57, na 0.57 mara 60 ni 34.2, kwa hiyo saa 8 na dakika 34. Dakika moja imepotea. Ile mikia iliyokatwa kila siku, midogo isiyoonekana, imejikusanya. Kwa wiki moja ni dakika moja, lakini fomu ya mwezi haitalingana na muda halisi wa kuingia na kutoka, na fundi mwenye kumbukumbu yake mfukoni atauliza, kwa haki. Geuza kila siku peke yake, kisha jumlisha dakika na kubeba sitini sitini.

Shilingi nazo zinaonyesha ukubwa wa kosa lenyewe. Mshahara wa mwezi hugeuzwa kuwa wa saa kwa kugawa kwa 4.333 mara saa za wiki, ambazo kwa saa 45 zinakaribia 195. Fundi wa shilingi 390,000 kwa mwezi analipwa karibu 2,000 kwa saa, na saa ya ziada, kwa kiwango cha chini cha mara moja na nusu, ni 3,000. Saa 8 na dakika 35 zinampa 25,750. Aliyesoma desimali zote kama dakika atapata dakika 257 badala ya 155, jumla ya saa 10 na dakika 17, na kulipa 30,850. Karakana imepoteza 5,100 kwa mtu mmoja, wiki moja.

Kosa la upande wa pili halipigiwi kelele, na kwangu mimi ndilo baya zaidi. Karani amepata 8:35 sahihi kabisa, kisha anaingiza 8.35 kwenye kikokotoo na kuzidisha kwa 3,000. Inatoka 25,050. Fundi amekatwa 700, na fomu aliyotia sahihi haina kosa lolote, kwa hiyo akiiangalia tena haoni alipoibiwa. Kabla ya kuzidisha kwa pesa, dakika lazima zirudi kuwa desimali: 35 gawa kwa 60 ni 0.5833.

Utajuaje karatasi uliyopewa imeandikwa kwa mtindo gani, hasa ikiwa mwandishi ametumia nukta kwa yote mawili? Pitisha jicho kwenye tarakimu za baada ya nukta. Ukiona hata moja iliyo kati ya 60 na 99, kama ile 2.75 au 0.83, hiyo ni desimali, maana dakika hazifiki huko. Ukipita mistari hamsini usikute inayozidi 59, karibu hakika ni dakika. Ukikuta .25, .50 na .75 peke yake, mashine imepangwa kukadiria hadi robo saa, na hapo uliza inapendelea upande gani, kwa sababu fundi anayetoka dakika kumi baada ya muda anaweza kuandikiwa robo saa au asiandikiwe kitu.

Wanaotumia Excel wana mtego wao. Excel huhesabu siku nzima kama 1, kwa hiyo saa za desimali hugawanywa kwa 24 kabla ya kuonyeshwa kama muda. Lakini ukiandika `=A2/24` tu, ile 1.33 itaonekana 1:19, kwa sababu Excel hukata sekunde 48 zilizobaki badala ya kuzikadiria. Kwenye seli B2 andika hivi:

```
=ROUND(A2*60,0)/1440
```

Fomula hii inageuza saa kuwa dakika, inakadiria, kisha inagawa kwa 1440, idadi ya dakika za siku nzima. Kwenye mpangilio wa seli weka `[h]:mm`, pamoja na mabano hayo ya mraba. Bila mabano, jumla ya mwezi ikipita saa 24 Excel inaanza upya kama saa ya ukutani, na saa 26 na nusu zinaonekana 2:30. Kwa malipo, rudisha kwa `=B2*24` na uweke seli hiyo katika mpangilio wa namba ya kawaida, la sivyo itaendelea kujionyesha kama muda.

Kwenye fomu ya karatasi, badilisha vichwa vya safu. Cha kwanza kiandikwe "Saa kwa desimali (kutoka mashine)", cha pili "Saa", cha tatu "Dakika (0 hadi 59)". Karani anayetaka kuandika 75 chini ya kichwa hicho cha tatu atasita, na fundi anayetia sahihi ataona 2.75 na 2:45 kwenye mstari mmoja na kuweza kuuliza papo hapo, "Dada, hii 45 umeitoa wapi?"