Kurejesha Mradi wa Video Baada ya Premiere Pro Kujifunga Ghafla

Faili la mradi katika Adobe Premiere Pro, lenye kiambishi `.prproj`, halina video ndani yake. Lina maelezo tu: kipande gani kimekatwa wapi, rangi ipi imewekwa, sauti ipi iko chini. Ndiyo maana ni dogo, na ndiyo maana programu huweza kulinakili kila baada ya dakika chache bila mhariri kuhisi chochote. Nakala hizo huwekwa kwenye folda iitwayo `Adobe Premiere Pro Auto-Save`, ambayo kwa kawaida hukaa pamoja na faili la mradi wenyewe.

Tuseme mhariri anatengeneza video ya harusi. Mara ya mwisho alihifadhi saa 7:10 mchana, na programu ikajifunga saa 9:52 alasiri. Akilifungua faili lake la kawaida, atakuta kazi ya saa mbili na zaidi haipo. Kwenye folda ile, hata hivyo, kuna faili ambalo jina lake linaishia na `2025-06-16_15-50-12`. Kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 15-50 ni saa 9:50 alasiri. Kilichopotea ni dakika mbili.

Nakala hiyo isifunguliwe pale ilipo. Inakiliwe kwanza kwenye folda ya kazi na kupewa jina jipya, kama `Harusi_imerejeshwa.prproj`, ndipo ifunguliwe. Anayeifungua ndani ya folda ya akiba huendelea kufanya kazi humohumo bila kujua, na baada ya wiki hajui tena faili halisi ni lipi. Programu ikiuliza video ziko wapi, au skrini ikiandika `Media Offline`, si kwamba zimefutika: mradi umepoteza njia tu, na `Link Media` huiunganisha upya.

Wakati mwingine nakala ya mwisho nayo huiangusha programu kila inapofunguliwa, kwa kuwa imebeba kasoro ileile. Hapo hurudiwa nyuma, nakala moja baada ya nyingine, hadi ipatikane inayofunguka. Njia nyingine ni kuanzisha mradi mpya mtupu na kuiingiza nakala hiyo kwa `File > Import`.

Kurudi nyuma kuna mwisho wake. Mpangilio ukiwa wa kila dakika 5 na nakala 20, folda hubeba dakika 100 za kazi mfululizo, kisha nakala ya zamani hufutwa kupisha mpya. Idadi hiyo huongezwa kwenye `Preferences > Auto Save`. Mahali pa kuzihifadhi hubadilishwa kwenye `Scratch Disks`, nako pasisahaulike: nakala zikikaa diski moja na mradi, diski ikifa vyote vinakwenda pamoja.