Bando Juu ya Bando

Jirani yangu anauza vitenge Kariakoo, na wateja wake wengi hawajawahi kukanyaga dukani kwake. Anapiga picha, anawatumia kwa WhatsApp, wanachagua, mzigo unapakiwa kwenye basi. Kwa biashara ya namna hiyo bando likikata mchana kweupe ni balaa, ndiyo maana alijiwekea utaratibu wake: akiona kifurushi cha wiki kimebakiza siku mbili, anajiunga kingine hapohapo. Utaratibu huo ulimtuliza moyo lakini ukamwachia swali moja, nalo alinijia nalo jioni moja ameshika simu mkononi.

"Kaka, hizi GB zangu anazila nani?"

Alikuwa na hakika anaibiwa. Tukakaa chini tukafungua meseji zake za kujiunga, moja baada ya nyingine, tukaandika tarehe na saa kwenye karatasi. Hakuna aliyemwibia. Alichokuwa hakijui ni kwamba kifurushi cha pili hakisubiri cha kwanza kiishe ndipo kianze kuhesabu siku zake.

Wengi wetu tunafikiri vifurushi vinapanga foleni kama abiria wa daladala, wa nyuma haguswi mpaka wa mbele ashuke. Kwenye MB ni kweli, ila kwenye siku si kweli. Ukijiunga, mtandao hauchanganyi MB zako mpya na za zamani. Unakufungulia mtungi mwingine pembeni ya ule wa kwanza, na kila mtungi umeandikwa tarehe yake ya mwisho. Unapopiga menyu ya salio, mara nyingi unaonyeshwa jumla ya maji yote, na jumla hiyo ndiyo inayotudanganya. Maji yanachotwa mtungi mmoja kwa wakati, lakini saa za mitungi yote miwili zinakimbia pamoja tangu dakika uliyonunua.

Tuichukue hesabu ya jirani yangu jinsi ilivyokuwa kwenye karatasi, nikizungusha kidogo namba ili ifuatike. Kifurushi chake ni GB 3 kwa siku 7. Matumizi yake ni kama MB 400 kwa siku. Kwa wiki nzima hiyo ni GB 2.8, kwa hiyo kifurushi kinamtosha sawasawa na kubakisha MB 200.

Alijiunga Jumatatu saa 2 usiku. Jumamosi saa 2 usiku, siku tano baadaye, alikuwa ametumia GB 2 na kubakiwa na GB 1 ya siku mbili. Akajiunga kingine. Menyu ikamwambia ana GB 4, naye akalala usingizi mnono. Mtandao ukaendelea kuchota kwenye kifurushi cha zamani, kwa kuwa ndicho kinachokufa mapema. Kufika Jumatatu saa 2 usiku alikuwa ametumia MB 800 nyingine, na MB 200 zikafa na kifurushi chao. Hasara ndogo, na angeipata hata kama asingenunua mapema. Mpaka hapo haoni ubaya wowote.

Ubaya uko kwenye kifurushi cha pili. Kilinunuliwa Jumamosi, kwa hiyo kinakufa Jumamosi inayofuata, lakini kimeanza kuguswa Jumatatu usiku. Siku zake mbili zimekwisha kabla MB yake hata moja haijatumika. Kimebakiwa na siku tano, na kwa siku tano jirani yangu anatumia GB 2 tu. GB 1 nzima inakufa. Na kwa kuwa Alhamisi usiku, zikiwa zimebaki siku mbili, alishajiunga cha tatu, hicho nacho kinapoteza siku mbili kikiwa kimekaa, na GB 1 nyingine inakwenda vilevile. Kuanzia hapo mzunguko unajirudia: kila kifurushi analipia GB 3 na kutumia 2.

Katika siku 35 anajiunga mara 7, wakati vifurushi 5 vingemtosha. Tuseme kifurushi ni shilingi 3,000. Anatoa 21,000 kwa kitu ambacho angekipata kwa 15,000. Hizo 6,000 hazikuibwa na mtu. Ni siku alizozinunua mara mbili.

Lakini asije mtu akasema kununua mapema ni kosa kwa kila mtu. Mwanawe, kijana wa chuo, anajiunga kifurushi hichohicho cha GB 3 na anakimaliza kwa siku nne, maana anatumia kama MB 750 kwa siku. Yeye akijiunga cha pili siku ya pili tu, anakuwa na GB 4.5 mkononi, na kwa mwendo wake zitakwisha ndani ya siku sita. Kifurushi cha mwisho kitakuwa bado kina siku moja ya uhai. Hapotezi kitu. Tofauti yao ni moja: mama anaishiwa siku kabla ya MB, mtoto anaishiwa MB kabla ya siku. Ukijua wewe ni yupi kati yao, umeshajua kama haraka yako inakugharimu. Angalia tu ulibakiwa na nini kifurushi kilichopita kilipokwisha.

Sasa turudi kwenye mtungi upi unachotwa kwanza, maana hapo nimerahisisha mambo kidogo. Kwenye mitambo ya kampuni ya simu kuna kompyuta ya kutoza, na kila unapofungua intaneti, mtambo unaopitisha data yako unaiomba ruhusa. Kompyuta haikupi kifurushi chote. Inakata kipande cha MB chache kutoka mtungi mmoja, kikiisha mtambo unarudi kuomba kingine. Ndiyo sababu salio unalolisoma ukiwa katikati ya video linaweza kuwa nyuma au mbele kidogo ya ukweli.

Kila kipande kinapokatwa, kompyuta inatazama kanuni ambazo kampuni imeziweka. Kwa kawaida mtungi wenye masharti hutangulia: MB za WhatsApp hutumika kwa WhatsApp, MB za usiku hutumika zikifika saa zake. Kati ya mitungi isiyo na masharti, utaratibu ulioenea ni kuanza na ule unaokufa mapema, nao ndio utaratibu wa haki kwa mteja. Lakini hiyo ni kanuni ya kampuni, haikuumbwa na Mungu. Mtandao unaweza kuupa mtungi fulani kipaumbele, au kufuata tarehe ya kununua badala ya tarehe ya kufa.

Ukifuatwa utaratibu wa tarehe ya kununua, anayeumia ni yule mwenye kifurushi cha mwezi anayejiongezea cha siku. Una GB 6 za mwezi zilizobaki na siku 20 mbele. Leo kuna mechi, hutaki kuzigusa, unajiunga GB 1 ya saa 24 ya kutazamia mpira. Mtandao unaoanza na kinachokufa mapema utachota kwenye ile GB 1, na kesho utaamka na GB 6 zako. Mtandao unaoanza na kilichonunuliwa kwanza utachota kwenye za mwezi. Kesho ile GB 1 imekufa haijaguswa, na za mwezi zimekuwa 5. Umelipia mechi mara mbili.

Kujua mtandao wako unafuata lipi hakuhitaji kumpigia mtu wa huduma kwa wateja. Ukiwa na vifurushi viwili, fungua menyu inayoonyesha kila kifurushi peke yake, si jumla, uandike namba zote mbili. Tazama video kwa dakika kumi hivi. Zima data, subiri dakika chache ili kipande kilichokatwa kirudishwe hesabuni, kisha angalia tena. Kilichopungua ndicho kinacholiwa kwanza. Jaribio hili uliingize kichwani kwa laini ile tu na kwa aina ile ya vifurushi, maana cha chuo au cha ofa kinaweza kuwa na kanuni yake.

Na hiyo mitungi yenye masharti ina tundu lake. Jirani yangu aliwahi kupewa MB za WhatsApp za bure akashangaa za kawaida zikipungua bado. Mteja anapomtumia kiungo cha tovuti naye akakibofya, ukurasa unaofunguka si WhatsApp tena, unachota kwenye mtungi wa kawaida. Simu za video nazo, kwenye vifurushi vingi vya aina hiyo, hazihesabiwi ndani.

Kuhusu saa ya kufa, isome kwenye meseji ya uthibitisho, usiikadirie. Kuna vifurushi vya siku vinavyoishi saa 24 kamili na kuna vinavyokatwa usiku wa manane, na anayenunua cha namna ya pili saa 4 usiku amenunua saa mbili. Meseji zenyewe zinaandika saa ya kizungu. Ukiona 08:00 usiseme saa nane, ni saa mbili asubuhi. Nimeona watu wazima wakikosea hapo.

Wadhibiti nao wameligusa jambo hili. Hapa Tanzania, kanuni ndogo za vifurushi zilizotangazwa na TCRA mwaka 2021 ziliweka kwamba mteja anayejiunga tena kifurushi kilekile kabla hakijaisha muda aendelee kutumia MB zilizobaki, na kwamba ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na asilimia 100. Afrika Kusini ilianza kuwalazimisha watoa huduma kuhamisha MB zilizobaki mwaka 2019. Mwaka huohuo Safaricom ya Kenya ilileta vifurushi visivyo na tarehe ya kufa. Hivyo vya mwisho vinaifuta kabisa hesabu ya jirani yangu, ingawa kwa kawaida shilingi ileile inanunua MB chache zaidi humo.

Kwenye kuhamisha MB, neno la kushika ni "kabla". Mwenye kujiunga dakika moja baada ya muda kupita hana cha kuhamisha. Mwenye kujiunga siku mbili kabla anahamisha, lakini bado amezichoma siku mbili. Faida iko kwenye saa za mwisho, na kwenye kurudia kifurushi kilekile, si kinachofanana nacho.

Jirani yangu alibaki na hofu yake ya kukatikiwa. Tukakubaliana pesa ya kifurushi akae nayo kwenye akaunti ya pesa ya simu, si kwenye salio la kawaida, isije ikaliwa bando likikata. Kisha akaandika kwa chaki kwenye ukuta wa duka, chini ya bei za vitenge: Jumatatu 20:00. Jumatatu hiyo saa 2 kasorobo usiku alikuwa na MB 190. Akajiunga kifurushi kilekile, tukasubiri meseji pamoja. Ikaja: MB 3,190, zote zinaisha Jumatatu inayofuata. Akaisoma mara mbili, akafuta chaki, akaandika 19:45.