Mita ya Maji Inayohitaji Kipeuo cha Pili

Mita ya maji ya nyumbani huwa na kigurudumu kinachozungushwa na maji yenyewe. Kwenye mabomba makubwa ya viwandani, mara nyingi hakuna kinachozunguka. Kilichopo ni bamba la chuma lenye tundu katikati, limebanwa kwa boliti kati ya flanji mbili. Maji yakifika hapo hulazimika kujipenyeza kwa kasi, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo presha inavyoshuka. Vijibomba viwili vyembamba, kimoja kabla ya bamba na kingine baada yake, huipelekea transmita presha za pande zote mbili. Transmita hupima tofauti iliyopo, kisha hutuma mkondo wa umeme wa kati ya miliampia 4 na 20 kwenye kompyuta ya kuongoza mitambo, ile ambayo mafundi huiita PLC.

Uhusiano wa kasi na presha ulielezwa na Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738, na ndio unaoleta kazi yote inayofuata. Maji yakipita mara mbili zaidi, tofauti ya presha hupanda mara nne. Yakipita mara tatu, hupanda mara tisa. Kwa hiyo anayetaka kujua maji hawezi kuisoma presha ilivyo. Lazima aitafutie kipeuo chake cha pili.

Tuchukue bomba moja la mfano. Bamba lake limekokotolewa litoe tofauti ya kilopaskali 25 pale zinapopita meta za ujazo 72 kwa saa. Leo pampu inasukuma nusu tu, yaani 36. Tofauti ya presha haitakuwa nusu ya 25, bali robo: kilopaskali 6.25. Transmita isiyotafuta kipeuo itatuma miliampia 8, ambayo ni robo ya safari ya kutoka 4 hadi 20. Kipeuo cha pili cha robo ni nusu, na nusu ya 72 ni 36. Hesabu imekaa sawa.

Tatizo ni kwamba kipeuo hicho kinaweza kutafutwa mahali pawili. Transmita za kisasa zina mpangilio wa kukitafuta zenyewe kabla ya kutuma, na PLC nayo inaweza kukitafuta baada ya kupokea. Aliyefunga transmita na aliyeandika programu huwa watu wawili tofauti, pengine hawajawahi kuonana. Kila mmoja akidhani kazi hiyo ni ya mwenzake, skrini itaonyesha 18 badala ya 36. Wote wawili wakiifanya, itaonyesha karibu 51. Kwa siku nzima maji yaliyopita ni meta za ujazo 864, lakini kosa la kwanza litaandika 432 na la pili zaidi ya 1,220.

Kosa hili hujificha vizuri sana. Kipeuo cha sifuri ni sifuri, na kipeuo cha moja ni moja. Fundi akipima transmita kwenye sifuri na kwenye kilopaskali 25 pekee, skrini itampa 0 na 72, hata kama kipeuo hakijatafutwa kabisa au kimetafutwa mara mbili. Atasaini fomu na kuondoka. Ndiyo maana kipimo cha katikati ndicho chenye maana: aweke kilopaskali 6.25 kwa pampu ya mkono ya kupimia, kisha asome skrini. Akiona 36, mambo ni sawa. Akiona 18 au 51, aangalie mkondo unaotoka kwenye transmita. Miliampia 8 zinamwambia kuwa transmita haitafuti kipeuo. 12 zinamwambia kuwa inakitafuta.

Mimi ningeiachia transmita kazi hiyo. Maji yakiwa sehemu moja ya kumi ya kiwango, presha ni asilimia 1 tu, na bila kipeuo mkondo hupanda kutoka miliampia 4 hadi 4.16. Ni nafasi finyu mno kwa waya unaopita kando ya nyaya za mota. Kipeuo kikitafutwa kwenye transmita, maji hayo hayo hutumwa kama miliampia 5.6. Halafu ubandikwe mkanda wenye maandishi juu ya kasha, ili ajaye asikiongeze tena kwenye programu.

Popote kinapotafutwa, kipeuo hukuza makosa madogo yaliyo karibu na sifuri. Kiputo cha hewa chenye kimo cha milimita 2.5, kikinaswa ndani ya kijibomba kimoja kilichosimama wima, hutosha kuleta tofauti ya uongo ya asilimia 0.1 kwenye bomba letu. Kipeuo hukigeuza kiasi hicho kuwa zaidi ya asilimia 3: meta za ujazo 2.3 kwa saa, pampu ikiwa imezimwa. Kufika kesho yake, meta 54 hivi zimeshaandikwa ambazo hazikupita. Kwa hiyo huwekwa kizingiti, tuseme asilimia 0.5 ya presha, na chochote kilicho chini yake huhesabiwa kuwa sifuri. Lakini kizingiti hicho ni sawa na meta 5 za ujazo kwa saa, na uvujaji wa usiku ulio chini ya hapo hautaonekana. Bamba lenye tundu si kipimo cha maji kidogo, na programu haiwezi kulibadilisha.

Baada ya hapo ndipo PLC hujumlisha. Kila sehemu ya kumi ya sekunde huchukua mtiririko wa wakati huo, huugawa kwa 36,000, kisha huongeza jibu kwenye jumla. Kwa mtiririko wa 36, kila nyongeza ni meta ya ujazo 0.001, yaani lita moja. Ni hesabu nyepesi, lakini ina mtego wake.

Namba ya desimali ya biti 32 hubeba tarakimu kama saba tu. Jumla inapokua, tarakimu za mwisho hukosa nafasi. Ikipita 16,384, namba hiyo haiwezi tena kupanda kwa lita moja. Hatua yake ndogo kabisa ni karibu lita 2, na kila lita inayoongezwa hukadiriwa juu hadi hapo. Jumla huanza kukimbia karibu mara mbili ya maji halisi. Ikifika 32,768, hatua huwa karibu lita 4. Lita moja haifiki hata nusu ya hatua, hivyo hukadiriwa kuwa si kitu, na jumla husimama kabisa huku bomba likiendelea kuunguruma. Kwenye mfano wetu, ukianza na sifuri, mbio huanza baada ya siku 19 hivi, na kusimama hutokea siku kama 10 baadaye. Mtiririko kwenye skrini bado unasoma 36, kwa hiyo wengi hukimbilia kuilaumu transmita.

Dawa yake ni kutenganisha vipande na namba nzima:

```
sehemu := sehemu + q / 36000.0;
IF sehemu >= 1.0 THEN
    sehemu := sehemu - 1.0;
    jumla := jumla + 1;
END_IF;
```

Hapa `sehemu` haikui kamwe, kwa hiyo lita moja haipotei ndani yake, na `jumla` ni namba nzima inayoweza kuvuka bilioni 2. Angalia kwamba `sehemu` hupunguzwa 1.0, hairudishwi sifuri. Ikirudishwa sifuri, mabaki ya kila meta hutupwa. Mistari hii iwekwe kwenye kazi inayoitwa kwa saa maalumu kila milisekunde 100. Ikiwekwa kwenye mzunguko wa kawaida wa programu, ambao hurefuka na kufupika kutegemea shughuli nyingine, kugawa kwa 36,000 hakutakuwa na msingi.

Vyote viwili vihifadhiwe kwenye kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Na kitufe cha kurudisha jumla sifuri, ambacho waendeshaji hupenda kukiomba ili kila zamu ianze na yake, kisiguse jumla kuu. Zamu isome namba ya kuingia na ya kutoka, itoe tofauti, kama msoma mita anavyofanya mtaani.